Kikomo cha Thamani: Bei Iliyojificha Ndani ya Mkopo Unaogeuka Hisa

Katikati ya mwaka 2004, kampuni moja changa iliyoanzia kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Harvard ilikuwa inatafuta fedha za kuendelea. Haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja. Peter Thiel, mmoja wa waanzilishi wa PayPal, akaipa dola 500,000 za Marekani. Fedha hizo hazikuingia kama malipo ya hisa. Ziliingia kama mkopo wenye sharti: Facebook ikifikisha watumiaji milioni 1.5 kabla ya mwaka kwisha, mkopo ungegeuka hisa, sawa na asilimia 10.2 ya kampuni. Mwaka ukaisha na idadi ile haikufika. Hata hivyo Thiel aliridhia mkopo wake ugeuke hisa. Mwaka 2012 Facebook ilipoingia kwenye soko la hisa, aliuza sehemu kubwa ya fungu lake na kupata zaidi ya dola bilioni moja.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa sababu ya ile bilioni. Kwa mwanzilishi wa kampuni changa, sehemu yenye faida zaidi ni ile ya mkopo. Wanaoshauri juu ya mikopo ya aina hii husema kwamba uzuri wake ni kuahirisha mjadala wa bei: mwekezaji anatoa fedha leo, na thamani ya kampuni itajulikana baadaye. Lakini itazame tena hati ya Thiel. Dola 500,000 kwa asilimia 10.2 maana yake kampuni nzima ilihesabiwa kuwa na thamani ya dola milioni 4.9 hivi. Bei ilikuwemo tangu siku ya kwanza, ingawa mkataba uliitwa mkopo.

Katika mikopo ya leo bei hiyo hukaa kwenye kifungu kiitwacho kikomo cha thamani. Waanzilishi wengi hukitia saini wakiamini kwamba bado hawajauza chochote. Nia ya makala hii ni kuonyesha, kwa hesabu, kwamba wameshauza, na jinsi ya kujua wameuza kiasi gani.

Kwa nini bei ni ngumu mwanzoni

Kuuza hisa kwa kawaida kunahitaji bei ya hisa moja, na bei hiyo hutokana na thamani ya kampuni nzima. Kampuni yenye miaka mitano ya mauzo na faida inaweza kukadiriwa. Kampuni yenye watu wawili, programu ya simu iliyokamilika nusu na wateja arobaini wa majaribio haina cha kupimwa. Mwanzilishi atasema milioni 3, mwekezaji atasema laki 8, na hakuna mwenye ushahidi wa kumshinda mwenzake. Tena kuuza hisa rasmi kuna gharama zake: mawakili wa pande zote mbili, kubadilisha katiba ya kampuni, mkataba wa wanahisa, haki za kupiga kura, pengine na kiti kwenye bodi. Kwa fedha kidogo za mwanzo, gharama hizo zinaweza kumega sehemu nzito ya fedha zenyewe.

Ndipo mkopo unaogeuka hisa ukapata nafasi yake. Ni hati fupi inayosema: nakukopesha, lakini sitegemei unirudishie fedha, siku utakapouza hisa kwa bei rasmi kwa mwekezaji mkubwa, deni langu litageuka hisa katika mauzo hayo. Kazi ya kupanga bei anaachiwa yule atakayekuja na fedha nyingi, uwezo wa kuchunguza na mawakili wake.

Kagera wanaijua biashara ya butura, ambapo mkulima huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini inayopangwa hapo hapo. Mkopo huu unafanana na butura kwa kuwa fedha hutangulia mavuno. Tofauti ni kwamba bei husubiri mavuno yaonekane, ila kwa sharti kwamba mnunuzi wa mapema hatalipa zaidi ya kiwango fulani. Kiwango hicho ndicho kikomo.

Mkopo mmoja, kwa hesabu

Tuchukue kampuni ya mfano jijini Nairobi, inayowaunganisha wauza mboga na wakulima kwa njia ya simu. Waanzilishi ni wawili na kwa pamoja wana hisa 1,000,000. Mwekezaji wa kwanza, mhandisi mstaafu, anawapa dola 100,000 kwa masharti manne. Riba ni asilimia 8 kwa mwaka, isiyo ya kulimbikiza. Mkopo utaiva baada ya miezi 24. Ukigeuka hisa, atapata punguzo la asilimia 20 kwenye bei atakayolipa mwekezaji mkubwa. Na kikomo cha thamani ni dola milioni 2.

Miezi 18 inapita. Kampuni imekua, na mfuko mmoja wa uwekezaji unakubali kuingiza dola milioni 1, ukiithamini kampuni kwa dola milioni 5 kabla ya fedha hizo kuingia. Kwa hesabu rahisi, milioni 5 kugawanywa kwa hisa milioni moja ni dola 5 kwa hisa. Hiyo ndiyo bei ya mwekezaji mpya.

Mhandisi wetu anadai dola 100,000 za mkopo na dola 12,000 za riba, jumla 112,000. Angekuwa ananunua kwa bei ya wote, angepata hisa 22,400. Kwa punguzo la asilimia 20, bei yake ni dola 4, naye anapata hisa 28,000. Kikomo nacho kinasema: hesabu bei yangu kana kwamba kampuni ina thamani ya milioni 2 tu, hata kama wengine wameithamini zaidi. Milioni 2 kwa hisa milioni moja ni dola 2 kwa hisa. Kwa bei hiyo anapata hisa 56,000.

Mikataba mingi humpa mwekezaji ile njia yenye nafuu zaidi kwake kati ya punguzo na kikomo, si zote mbili kwa pamoja. Mhandisi atachukua hisa 56,000, ambazo kwa bei ya siku hiyo zina thamani ya dola 280,000. Fedha zake zimekua karibu mara tatu katika mwaka mmoja na nusu. Mwanzilishi asimwonee kijicho: alipotoa fedha zile hapakuwa na mwingine aliyethubutu.

Kikomo huanza kufanya kazi lini? Katika mfano huu punguzo na kikomo hulingana kampuni inapothaminiwa kwa dola milioni 2.5, kwa sababu asilimia 80 ya milioni 2.5 ni milioni 2. Thamani ikiwa chini ya hapo, punguzo ndilo lenye nafuu na kikomo kinalala. Ikiwa juu ya hapo, kikomo ndicho kinachoamua, na kila thamani inapopanda zaidi ndivyo nafuu ya mkopeshaji inavyokuwa kubwa.

Hapa ndipo wengi wanapokielewa vibaya kifungu hiki. Kikomo hakimkingi mwanzilishi dhidi ya thamani ndogo. Mfuko ukija na kusema kampuni ina thamani ya milioni 1.5 tu, bei ya hisa itakuwa dola 1.50, punguzo litaishusha hadi 1.20, na mhandisi atapata hisa zaidi ya 93,000. Kikomo cha milioni 2 kilichoandikwa kwenye mkataba hakitamsaidia mwanzilishi kwa lolote. Kampuni ikifanya vizuri mwekezaji ananunua kwa bei ya zamani, na ikifanya vibaya ananunua kwa bei mpya iliyo chini yake. Mwanzilishi anayetaka kinga lazima adai kifungu cha thamani ya chini kabisa ya kugeuzia, jambo ambalo wawekezaji hawalikubali kwa urahisi.

Bila kikomo, urafiki unaingia doa

Mwanzilishi anaweza kuuliza: kwa nini basi nikubali kikomo? Punguzo la asilimia 20 halitoshi?

Rudi kwa mhandisi. Tuseme hakuna kikomo, na kampuni imefanya maajabu hadi mfuko unaithamini kwa dola milioni 20. Bei ya hisa ni dola 20, na kwa punguzo ni 16. Dola zake 112,000 zinanunua hisa 7,000, zisizofika hata asilimia moja ya kampuni. Yeye aliyebeba hatari siku ambazo hapakuwa na kitu anapata nafuu ya robo tu juu ya fedha zake. Kwa kikomo angekuwa na hisa 56,000 zenye thamani ya dola 1,120,000.

Kuna ubaya wa ndani zaidi. Bila kikomo, kila mara mhandisi anapompeleka mwanzilishi kwa mteja mkubwa au kumshauri vizuri, anapandisha bei ya hisa atakazonunua yeye mwenyewe. Juhudi zake zinampunguzia fungu. Mkataba unaomfanya msaidizi wako apate kidogo kadiri unavyofanikiwa umekaa vibaya, na kikomo kinaliondoa tatizo hilo. Hii ndiyo sababu ya haki ya kuwepo kwake.

Historia ya Marekani inaonyesha jinsi kifungu hiki kilivyozoeleka. Mwaka 2010, Paul Graham wa Y Combinator, taasisi ya California inayolea kampuni changa, alitangaza kwamba uwekezaji wote uliokwisha kufanywa kwenye kundi lake la mwaka huo ulikuwa kwa mikopo ya kugeuka hisa. Januari 2011 Yuri Milner, mwekezaji mzaliwa wa Urusi, akishirikiana na kampuni ya SV Angel, alijitolea kuipa kila kampuni ya Y Combinator dola 150,000 kwa mkopo usio na kikomo wala punguzo. Ilikuwa habari kubwa kwa sababu hakuna mwekezaji wa kawaida aliyekuwa akikubali masharti hayo. Milner aliweza kwa kuwa alikuwa anawekeza kwa wote bila kuchagua, akitaka hasa kuwa karibu na wale wachache ambao wangekuwa wakubwa. Mhandisi wetu mwenye mkopo mmoja hawezi kuiga hilo.

Mikopo inapopandana

Tatizo kubwa halitokani na mkopo mmoja. Linatokana na urahisi wake. Kwa kuwa hati ni fupi na bei haitajwi waziwazi, mwanzilishi anaweza kukopa Januari, akaongeza Juni, kisha Desemba akachukua mwingine mshahara ukikwama. Hakuna mkutano wa wanahisa na daftari la hisa halibadiliki. Kila akilifungua anaona bado yeye na mwenzake wana asilimia 100, hesabu isiyo na ukweli tena.

Tuendelee na kampuni yetu, tukiiweka riba kando ili hesabu isionekane nzito. Mhandisi ametoa dola 100,000 kwa kikomo cha milioni 2. Baada yake mfanyabiashara wa Kampala akatoa 200,000 kwa kikomo cha milioni 2.5, na kundi la wawekezaji wadogo likatoa 300,000 kwa kikomo cha milioni 3. Jumla ni dola 600,000, na kila kikomo ni kikubwa kuliko kilichotangulia, kwa hiyo mwanzilishi anahisi anapanda.

Sasa inabidi kusoma mkataba kwa makini, kwa sababu kuna aina mbili za kikomo. Aina ya kwanza hupima kampuni kabla ya fedha za wakopeshaji wote kuhesabiwa. Kwa aina hii, bei zao ni dola 2, dola 2.50 na dola 3 kwa hisa, nao watapata hisa 50,000, 80,000 na 100,000. Waanzilishi watabaki na milioni moja kati ya 1,230,000, yaani asilimia 81.3.

Aina ya pili hupima kampuni baada ya mikopo yote ya namna hiyo kugeuka. Hapa hesabu ni nyepesi mno: gawanya fedha kwa kikomo. Mhandisi ana laki moja kwenye milioni 2, sawa na asilimia 5. Mfanyabiashara wa Kampala ana laki mbili kwenye milioni 2.5, sawa na asilimia 8. Kundi lina laki tatu kwenye milioni 3, sawa na asilimia 10. Jumla ni asilimia 23, na waanzilishi wanabaki na 77. Katika aina hii kila mkopeshaji anajua fungu lake tangu siku anayosaini, wala mkopo unaofuata haulipunguzi. Anayepunguziwa ni mwanzilishi peke yake.

Tofauti ya asilimia 4 kwa mikopo ile ile na vikomo vile vile imetokana na maneno machache kwenye fasili za mkataba. Mwanzilishi anayelinganisha ofa mbili kwa kuangalia ukubwa wa kikomo tu anaweza kuchagua ile mbaya.

Kisha mfuko mkubwa unafika. Unataka asilimia 20 ya kampuni baada ya kila deni kugeuka, tena unadai asilimia 10 zitengwe kwa ajili ya wafanyakazi watakaoajiriwa. Kwa wote waliotangulia hubaki asilimia 70. Waanzilishi waliokuwa na 77 sasa wana 53.9, yaani takriban 27 kila mmoja. Hii ni raundi yao ya kwanza ya bei. Zikija raundi mbili nyingine, mmoja wao anaweza kujikuta na chini ya asilimia 15 ya kitu alichokianzisha, bila kuwahi kukaa mezani siku ambayo zile asilimia 23 za mwanzo ziliuzwa.

Hakuna aliyemwibia. Kila mkopo ulikuwa wa haki ukiutazama peke yake. Kosa ni kutozijumlisha.

Hisa zinazolipwa mara mbili

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye asilimia. Mifuko mikubwa hununua hisa za upendeleo. Hizi humpa mwenye nazo haki ya kulipwa kwanza kampuni inapouzwa, kwa kiasi alicholipia, kabla wenye hisa za kawaida hawajapata senti. Mfuko uliolipa dola 5 kwa hisa una haki ya dola 5 kwa kila hisa.

Mhandisi naye mkopo wake ukigeuka hupewa hisa za aina hiyo hiyo. Ana hisa 56,000. Zikibeba haki ya dola 5 kila moja, atakuwa na madai ya kulipwa dola 280,000 kwanza, ilhali fedha alizotoa ni 100,000 na riba yake 12,000. Kampuni ikiuzwa kwa bei ndogo, ile tofauti ya dola 168,000 inatoka kwenye mfuko wa waanzilishi na wafanyakazi.

Dawa yake inajulikana. Wakopeshaji hupewa kundi lao la hisa za upendeleo, lenye haki sawa na za mfuko katika kila jambo isipokuwa kiasi cha kulipwa kwanza, ambacho hufuata bei waliyonunulia. Kwa mhandisi itakuwa dola 2 kwa hisa, yaani 112,000 kamili. Wakili anayeijua kazi hii ataliweka jambo hilo bila kuombwa. Lisipowekwa kwenye hati ya mkopo, litabaki kuwa la kubishaniwa siku ambayo mwanzilishi anazihitaji fedha za mfuko kuliko wakati wowote.

Mkopo ukiiva kabla ya mfuko kuja

Hadi hapa tumedhani kwamba mfuko mkubwa unakuja. Mara nyingi hauji, au unachelewa. Mkopo wa miezi 24 unaiva, na hakuna bei ya kugeuzia.

Kisheria hili ni deni. Mkopeshaji anaweza kudai fedha zake na riba, na kampuni ambayo fedha zote ilizitumia kwa mishahara na kutengeneza programu haina cha kulipa. Wakopeshaji wengi hawaendi mahakamani, kwa kuwa kuiua kampuni hakuwarudishii kitu. Huongeza muda, na kwa kawaida huchukua kitu badala yake: kikomo kinashushwa, riba inapanda, au mkopo unageuka hisa kwa bei ya kikomo. Nguvu yote ya mazungumzo imehamia upande mmoja.

Kwa Afrika Mashariki kuna uzito wa ziada. Mikopo hii mara nyingi huandikwa kwa dola wakati mauzo yanaingia kwa shilingi. Januari 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113 za Kenya, na Januari 2024 ilikuwa imepita 160. Mkopo wa dola 100,000 uliochukuliwa mwanzoni mwa kipindi hicho uliingia kama shilingi milioni 11.3. Ulipoiva pamoja na riba ya asilimia 8 kwa miaka miwili, ulidai zaidi ya shilingi milioni 18.5. Kama kampuni ingetimiza malengo yake yote ya mauzo kwa shilingi, bado ingeonekana imerudi nyuma kwa dola. Nchini Tanzania, mkopo wa muda mrefu kutoka nje unatakiwa pia usajiliwe Benki Kuu kupitia benki ya biashara, la sivyo kuurejesha kwa fedha za kigeni kunaleta usumbufu. Hii ni sababu mojawapo inayowafanya waanzilishi wengi wa eneo hili kusajili kampuni mama huko Delaware, Marekani, ili hati isainiwe chini ya sheria ambayo mwekezaji ameizoea. Nafuu hiyo nayo ina ada na kodi za nchi mbili.

Vifungu viwili vya kuviangalia hapa. Kimoja ni kile kinachosema wakopeshaji wenye zaidi ya nusu ya deni wanaweza kubadilisha masharti kwa niaba ya wote. Kikiwepo, mwanzilishi anajadiliana na wachache. Kisipokuwepo, mkopeshaji mmoja mdogo anaweza kuzuia makubaliano ya kila mtu. Kingine ni kinachotaja ukubwa wa raundi inayogeuza mkopo. Kikisema dola milioni 1, na fedha zilizopatikana ni 800,000, mkopo haugeuki wenyewe. Unabaki deni ndani ya kampuni ambayo mwekezaji mpya alitaka iwe safi.

Kipo na cha tatu, kinachomgusa zaidi mwekezaji. Tuseme kampuni inauzwa kwa dola milioni 10 mwezi wa kumi na mbili, kabla ya raundi yoyote. Hati ikiwa kimya, mhandisi atalipwa mkopo na riba, dola 108,000, kisha aagwe. Hati ikimruhusu kugeuza kwa kikomo wakati wa mauzo, atapata hisa 54,000, kama asilimia 5.1 ya kampuni, yenye zaidi ya dola 512,000. Mwekezaji anayewekeza fedha za kustaafu asisaini bila kifungu hicho.

Hati isiyo deni

Mwishoni mwa mwaka 2013 Y Combinator ilitoa hati mpya iliyoandikwa na mwanasheria wake Carolynn Levy, iitwayo SAFE. Inabaki na kikomo na punguzo, lakini imeondoa riba na siku ya kuiva. Si deni: ni ahadi ya hisa za baadaye. Mwaka 2018 waliiandika upya ili kikomo kipime kampuni baada ya hati zote za aina hiyo kugeuka, ile aina ya pili tuliyoiona, kwa hoja kwamba pande zote zijue mafungu yao papo hapo.

Kwa mwanzilishi, kuondoka kwa siku ya kuiva ni nafuu kubwa. Kwa mwekezaji, ni kupoteza fimbo ya mwisho aliyokuwa nayo: kampuni ikiendelea kidogo kidogo kwa miaka kumi bila kutafuta fedha tena, anaweza kukaa na karatasi isiyo deni wala hisa. Na kwa Waislamu wa pwani wanaojiepusha na riba, SAFE inaondoa kikwazo kimoja, ila swali la kuuza kitu ambacho kiasi chake hakijulikani siku ya mkataba lina hukumu zake katika fiqhi, na ni la kupelekwa kwa wanazuoni wa fedha za Kiislamu kabla ya kusaini.

Lakini SAFE haikuondoa jambo la msingi. Kwa kuwa ni rahisi zaidi kusaini, hati zake hupandana kwa urahisi zaidi.

Kabla ya kalamu kugusa karatasi

Njia ya kujikinga ni jedwali moja la kompyuta. Kwenye safu ziandike hati zote zilizosainiwa: kiasi, kikomo, punguzo, riba, siku ya kuiva, na kama kikomo kinapima kabla au baada. Kisha igeuze mikopo yote kuwa hisa kwa thamani tatu: nusu ya kikomo kidogo kuliko vyote, sawa na kikomo hicho, na mara tatu yake. Ongeza asilimia 20 za mfuko ujao na 10 za wafanyakazi. Tazama kilichobaki kwa waanzilishi katika kila hali. Kama hali mojawapo haivumiliki, hati mpya haifai kwa kikomo hicho, hata kama fedha zinahitajika kesho.

Kikomo kikubwa kupita kiasi nacho kina madhara. Mwekezaji anayefuata hukisoma kama bei ya jana. Aliyejisifu kwa kikomo cha milioni 10 na sasa anapewa thamani ya milioni 6 ataonekana anaporomoka, hata kama milioni 6 ni nzuri kwa umri wa kampuni yake, na wakopeshaji walioingia kwa matumaini ya milioni 10 watakuwa wa kwanza kuuliza maswali.

Kwa hiyo jadili kikomo kama unavyojadili bei, kwa sababu ndicho bei. Usimruhusu yeyote, awe rafiki, mwekezaji au wakili, akwambie kwamba suala la thamani limewekwa kando. Muulize: kampuni ikithaminiwa milioni 5, fedha hizi zitakuwa asilimia ngapi? Anayeshindwa kukujibu kwa namba moja hajaielewa hati anayotaka uisaini, na wewe usiisaini mpaka umeipata namba hiyo mwenyewe.